Shati la Rashidi

Mwaka 2013 nilisimamia mavazi ya filamu ndogo tuliyopiga Dar es Salaam kwa siku 12. Mhusika mkuu, Rashidi, ni karani anayeachishwa kazi. Mkewe anarudi kwao, na mwisho tunamkuta analala jirani na kivuko cha Magogoni. Mwongozaji alitaka nguo tofauti kwa kila hatua ya maisha yake. Nilimkatalia. Mtu aliyekosa mshahara hanunui shati, anazidi kulivaa lile alilonalo. Nikamwomba aniachie shati moja tu, la samawati, tangu sini ya kwanza mpaka ya mwisho.

Shati moja kwenye skrini lilikuwa mashati matatu kabatini, maana filamu haipigwi kwa mfuatano wa hadithi, na sini ya kivuko ilipangwa siku ya nne, kabla hata ya zile za ofisini. Mtumba usingenipa matatu yanayofanana. Nikanunua kitambaa Kariakoo, nikakata kipande, nikakiloweka kwenye maji ya jiki. Kutwa nzima rangi haikusogea, kumbe kina poliesta nyingi. Nikarudi kununua pamba tupu, ile inayokubali kupauka.

Fundi aliyashona kwa vipimo tofauti, na hapo ndipo penye siri ninayoipenda hadi leo. La kwanza kola yake ilikuwa inchi 15 na nusu, ikamkaa mwigizaji sawasawa. La pili 16 na nusu. La tatu 17 na nusu, mabega yakimshuka chini ya mfupa. Mwigizaji hakupungua hata kilo moja, lakini ukimwona kafunga kifungo cha juu na shingo inacheza ndani ya kola, unasema huyu kakonda.

Kisha nikayachakaza. Shati la pili nililipausha kidogo kwa jiki na kulisuuza mara nyingi, kwa sababu jiki ikibaki inaila pamba hadi ichanike. La tatu nililipausha zaidi, nikasugua mabega na viwiko kwa msasa, halafu nikalipaka vumbi lililochanganywa na mafuta ya nazi kwenye kola na makwapani. Kwenye daftari langu nikaandika: shati la 3, chakavu, chafu.

Asubuhi ya siku ya nne niliingia chumba cha mavazi nikalikuta linaning'inia, limefuliwa, limetiwa wanga na kupigwa pasi. Mikunjo ya mikono ilisimama kama ya sare ya shule. Mama aliyekuwa akitufulia pale tulipofikia alikuwa amelikuta kwenye kapu. Niliropoka kwa hasira, jambo ninalolijutia, maana kapuni nililiweka mimi mwenyewe.

"Mwanangu, nilidhani mmelisahau," alisema. "Shati hili lilikuwa na uchafu wa kupakwa." Akaligeuza kola. "Tena mtu gani huyu, mabega yameisha na kola nzima? Shati linalofuliwa kwa mkono linaanza kuisha hapa, kwenye mkunjo. Ndipo tunaposugua sana."

Nililishika nikalitazama upya. Weupe wa jiki ulikuwapo, na michubuko ya msasa pia, kwa sababu hivyo vimeondoa rangi na nyuzi na havirudi. Kilichotoka ni vumbi na mafuta tu, vilivyokuwa juu ya kitambaa. Daftarini nilikuwa nimeviandika kama kitu kimoja. Na nilikuwa nimemkosea Rashidi. Karani wa miaka mingi hakubali kutembea mchafu. Atalifua shati lake usiku na kulianika, alivae asubuhi hata kama lina unyevu. Kitakachopungua kwanza ni pasi, kwa kuwa mkewe, aliyekuwa akimpigia, hayupo.

Nikamwomba radhi yule mama, tukaketi naye barazani. Yeye alisugua mkunjo wa kola na ncha za mikono kwa brashi ya kufulia, mimi nikimfuata na msasa laini, hadi nyuzi nyeupe zikachomoza. Tuliliosha kutoa wanga, tukalisokota kama kamba, tukalifunga kwa uzi na kulianika likiwa hivyohivyo. Lilipokauka lilikuwa na makunyanzi ya nguo iliyolaliwa. Vumbi nilipaka mgongoni tu, upande ule ambao Rashidi angeegemea ukuta.

Daftari nalo nikalichora upya. Uchakavu ukapata safu yake, uchafu yake, na pasi yake. Kwenye sini zote kabla ya kivuko, safu ya uchafu niliiacha tupu. Shati la pili, ambalo bado halikuwa limepigwa picha, nililichomoa kabatini jioni ileile nikampelekea mama alitazame kola.