Kumbukumbu ya mradi: chanuo, brashi na vichwa vitatu vya nyumba moja

Nyumba yetu hapa Tanga ina wanawake watatu na aina tatu za nywele. Mimi nina kipilipili ambacho hakijawahi kuguswa na dawa. Wifi yangu ana nywele za singa, laini, zinazofika kiunoni. Mdogo wangu ameacha dawa ya kunyoosha, kwa hiyo kichwani mwake kipilipili kinaota chini na nywele zilizonyooshwa zimebaki juu yake. Mradi wenyewe ni huu: kila kichwa kipate kifaa chake, na nijue kwa kuona, si kwa kukisia, kama nywele zinakatika kidogo kuliko awali.

Kipimo kwanza

Natandika kitambaa cheupe mabegani kabla ya kuchana. Kila unywele unaoanguka unabaki pale, kisha nauchukua mmoja mmoja karibu na dirisha. Unywele uliong'oka wenyewe kwa sababu muda wake umekwisha huwa mrefu sawa na wenzake, na mwisho mmoja una kinundu kidogo cheupe. Uliokatika hauna kinundu popote, na mara nyingi ni kipande kifupi. Mtu mwenye afya hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku, kwa hiyo zenye kinundu hazinishughulishi. Navitenga vifungu viwili, na kifungu cha visivyo na kinundu ndicho kinachonipa majibu.

Wifi aliponiona nimeinama na miwani akasema, "Wifi, leo umekuwa fundi saa?" Sasa yeye mwenyewe anakuja na kitambaa chake.

Ukaguzi wa vifaa

Kabla ya kulaumu aina ya kifaa nilikagua hali yake. Chanuo nyingi za plastiki hutengenezwa kwa kumiminwa kwenye kalibu ya vipande viwili, na pale vipande vinapokutana hubaki mstari mwembamba wa plastiki unaoshuka katikati ya kila jino. Macho hayauoni kirahisi, lakini unywele unapita juu yake kila siku, na ule mstari hukwangua magamba yaliyofunika unywele kwa nje. Magamba yakishainuka, nywele hushikana zaidi, na kesho yake unavuta kwa nguvu zaidi.

Njia ya kuukamata ni pamba. Chukua pamba kavu, ipitishe kati ya meno kutoka mzizi wa jino hadi ncha. Ikitoka nzima, chanuo ni salama. Ikiacha nyuzi zimening'inia, nyuzi hizo zimekuonyesha mahali penyewe. Chanuo langu la zamani liliacha ndevu nyeupe karibu kila jino. Lililoshinda ni la meno mapana, mapengo yake kama milimita 6, ncha zake ni za mviringo, na pamba ilipita bila kugusa kitu.

Chanuo la mbao nililonunua sokoni nalo lilipita, ila lilipokaa kwenye maji nyuzi za mbao ziliinuka na pamba ikaanza kushika. Kwa hiyo limekuwa la nywele kavu tu, na linapakwa mafuta ya nazi.

Kwenye brashi zenye mto wa mpira na vijiti vya plastiki au chuma, angalia vile vidonge vidogo vya kwenye ncha. Kikidondoka kimoja, kijiti kilichobaki kina ukingo mkali, na gundi iliyokauka hunasa unywele na kuupasua. Brashi ya bafuni ilikuwa imepoteza vidonge vyake vingi. Imekwenda kwenye kapu la kusafishia mazulia.

Kichwa changu: siku ya kufumua

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Unywele wa kipilipili ukiukata na kuutazama upande wa mkato, ni bapa kidogo, wakati wa singa unakaribia mviringo. Kisha umejikunja mara nyingi, na kila unapojikunja hujipinda kidogo pia. Hapo penye pindo ndipo panapokatika. Ukiwa mkavu, mizunguko ya unywele mmoja hunasa ya mwenzake, na chanuo likipita linavuta mizunguko mingi kwa pamoja. Maji huilegeza, na kondishena huifanya iteleze. Ndiyo maana kipilipili huchanwa kikiwa kimelowa.

Nilikuwa nimesuka wiki 6. Fanya hesabu: siku 42 mara nywele 50 ni 2,100, mara 100 ni 4,200. Nywele zote hizo zilikuwa zimeshang'oka lakini zimeshikwa na msuko, hazina pa kwenda. Ukifumua zinatoka zote kwa pamoja, na wengi hushtuka wakadhani msusi amewanyonyoa. Hatari halisi ni kwamba zile zilizong'oka zimejizungushia zile nzima. Ukivuta kwa pupa, unaondoa zote mbili.

Pale kila msuko ulipoanzia, karibu na ngozi, kuna duara la uchafu wa kijivu: mafuta ya wiki zote hizo, vumbi, na mba. Hili lisiguswe na maji kwanza. Likilowa, linajifunga na nywele na kuwa donge, na donge hilo mwisho wake ni mkasi. Nilidondosha mafuta mepesi hapo, nikalitawanya kwa vidole kidogo kidogo, nikilivuta kwa pembeni wala si kwenda juu, mpaka nywele zikaachana na ule utando ukabaki kwenye kucha.

Kisha niligawa kichwa mafungu 8. Fungu moja kwa wakati: nanyunyiza maji mpaka linalegea, napaka kondishena nyingi, napitisha vidole. Vidole vina faida ambayo chanuo haina, vinalihisi fundo kabla ya kulivuta. Baada ya hapo ndipo chanuo la meno mapana linaanza, kwenye ncha. Ninashika fungu juu ya mahali ninapochana, ili mvuto uishie mkononi mwangu usifike kwenye ngozi. Sentimita chache zikiwa safi, napanda juu kidogo. Anayeanzia kwenye mizizi anasukuma mafundo yote yakutane chini kwenye fundo moja kubwa, kisha anasikia "ta, ta, ta". Mlio huo ni nywele zinazokatika, na ukiusikia simamisha mkono hapo hapo.

Kila fungu nikilimaliza nalisokota, na kichwa chote nikakiosha hivyo hivyo kikiwa kimesokotwa. Ukifumua tena ili uoshe, povu na vidole vinarudisha kazi yote.

Kitambaa siku hiyo kilijaa, lakini karibu zote zilikuwa na kinundu. Vile visivyo na kinundu vilikuwa vifupi, na vingi vilikuwa na kifundo kidogo sana kwenye ncha, unywele uliojifunga wenyewe. Kifundo cha namna hiyo hakifunguki kwa chanuo la aina yoyote. Chanuo likifika hapo ama litakiruka, ama litakikata. Sasa nikikihisi, nakikata kwa mkasi mkali juu yake kidogo.

Brashi ya kufungulia mafundo

Nilijaribu aina mbili. Ya kwanza ni ile ya kushika mkononi isiyo na mpini, yenye meno laini yanayopinda, marefu na mafupi yamechanganyika. Kwenye nywele zangu inateleza juu ya fungu, ikaacha chini kama palivyokuwa, na mkono unadhani kazi imeisha. Ikabidi mafungu yawe membamba mno, na hata hivyo ilifaa tu baada ya chanuo la meno mapana.

Ya pili ni Denman ya safu 7. Safu zake za vijiti zinachomoka kutoka kwenye mpira, kwa hiyo nilitoa ya pili, ya nne na ya sita, nikabaki na 4. Mapengo yakawa mapana, mvuto ukapungua. Naitumia mwisho, nywele zikiwa zimeshafunguka na kondishena bado ipo, kwa ajili ya kuzipanga tu. Kufungulia mafundo ya kipilipili kwa brashi hiyo ikiwa na safu zote 7 ni kutafuta nywele za kuzika.

Kichwa cha wifi: mambo yanageuka

Kwa singa, sheria ya maji ni kinyume. Unywele uliolowa ni dhaifu na unavutika. Ukivutwa kupita kiasi haurudi ulivyokuwa, unabaki na magamba yaliyopasuka, kisha unakatika. Kipilipili kinakubali kuchanwa majimaji kwa sababu kulegea kwa mizunguko kunafidia udhaifu huo. Singa haina mizunguko ya kulegeza, kwa hiyo inabeba hasara bila faida.

Wifi alikuwa na desturi ya kutoka kuoga na kupiga brashi papo hapo. Sasa anazikamua kwa fulana ya pamba bila kuzisugua, anaziacha zikauke kiasi cha robo tatu, ndipo anashika ile brashi isiyo na mpini. Kwake inafika hadi ndani, kwa sababu nywele zake ni nyembamba na hazikushikana. Naye anaanzia kwenye ncha. Akilazimika kuchana zikiwa zimelowa, anapaka kondishena na kutumia chanuo langu. Vipande vifupi kwenye kitambaa chake vilipungua kuliko vya sisi wote.

Brashi ya nywele za mnyama inafaa zaidi nywele kama zake. Mafuta ya ngozi hushuka kirahisi kwenye unywele ulionyooka, na brashi ile huyasambaza hadi kwenye ncha zilizokauka. Ni kwa nywele kavu zilizokwisha kufunguliwa, mara chache tu za kupitisha. Ule ushauri wa kale wa kupiga brashi mara 100 kila usiku unaongeza msuguano tu. Tatizo ni kwamba nyingi ya brashi hizi ni nywele za nguruwe, na wifi hataki ziguse kichwa chake. Tumepata ya nailoni laini. Haibebi mafuta vizuri kama hiyo nyingine, lakini inalaza nywele.

Mimi naitumia kulaza kingo tu ninapobana nywele, zikiwa na unyevu na jeli kidogo, na kwa mkono mwepesi. Haifungui fundo lolote la kipilipili. Inapita juu tu.

Kichwa cha mdogo wangu

Huyu bado. Dawa ya kunyoosha huvunja viungo vya ndani vya unywele, na pale kipilipili kinapokutana na sehemu ya dawa ndipo palipo dhaifu kuliko kote. Vipande vyake kwenye kitambaa vina karibu urefu uleule, sawa na sehemu ya dawa, maana vyote vinakatikia kwenye mpaka huo. Hakuna brashi inayoruhusiwa kichwani kwake kwa sasa. Anatumia vidole na chanuo la meno mapana, kondishena ikiwa nyingi, na mkono mmoja ukiwa umeushika mpaka wenyewe ili mvuto usiufikie. Vipande vimepungua lakini havijaisha, na sidhani chanuo litafika mbali zaidi ya hapo. Nimemwambia tukate sehemu ya dawa. Anataka tusubiri harusi ya binamu ipite.