Ngozi ya mbuzi, ya ng'ombe na ya plastiki: nilivyozipima tumba zetu wakati wa masika

Kundi letu la ngoma hapa Tanga lina tumba tatu, na tatizo letu kwa miaka lilikuwa moja. Harusi inaanza alasiri, saa kumi jioni kila ngoma inalia kama inavyotakiwa, halafu upepo wa bahari ukishatulia na giza likaingia, kwinto, ile tumba ndogo kuliko zote, inaanza kushuka. Ikifika saa nne usiku sauti imezama, kofi halitoki tena, na kijana mmoja anaondoka mchezoni kwenda kuwasha maboksi apashe ngozi. Wote tulikubaliana kwamba kosa ni la ngozi ya mbuzi, kwa kuwa ni nyembamba. Wengine walishaanza kusema tuiache kabisa, tufunge plastiki kwenye zote tatu.

Mimi ndiye ninayewamba ngoma za kundi, kwa hiyo kabla ya kuitupa ngozi ya mbuzi nilitaka nijue kwa hakika. Masika ya mwaka jana nilifunga kila tumba kivyake. Kwinto, ile ndogo ya inchi 11, niliiwamba ngozi ya mbuzi. Tumba kubwa ya inchi 12 na nusu nikaiwamba ngozi ya ng'ombe. Ile ya kati nikaifunga ngozi ya plastiki iliyotoka dukani tayari na pete yake. Hii plastiki ni utando wa poliesta, jamii moja na chupa za maji ya kunywa. Ilianza kuenea kwenye ngoma za bendi miaka ya 1950, na Remo Belli, ambaye jina lake utalikuta limechapwa kwenye ngozi nyingi za dukani, alianzisha kampuni yake Marekani mwaka 1957.

Ngoma tatu za ukubwa tofauti haziwezi kulinganishwa sauti kwa sauti. Nilichoangalia ni kila moja imeshuka kiasi gani kutoka pale ilipoanzia. Nilitumia programu ya simu ya kupimia sauti za gitaa na kipima unyevu kidogo cha kutundika ukutani. Saa kumi jioni kipima unyevu kilisoma 68. Saa nne usiku kilikuwa 84.

Usiku wa kwanza matokeo yalionekana kuwaunga mkono wenzangu. Kwinto ya mbuzi ilianza 262 Hz ikaanguka hadi 208, yaani nusu sauti nne nzima, sawa na kushuka vitufe vinne vya kinanda mfululizo, vyeusi na vyeupe. Mtu yeyote anayesikiliza angejua ngoma imeharibika. Tumba ya ng'ombe ilitoka 147 ikafika 139, nusu sauti moja tu. Plastiki ilipanda kidogo, kutoka 196 hadi 198, jambo ambalo sikulitegemea na nitalirudia.

Nilipeleka kwinto kwa mzee aliyenifundisha kuwamba. Aliigonga kwa kidole, akaisikiliza, akaisogeza karibu na mlango penye mwanga. Akaniuliza ngozi nimeitoa wapi. Nikamwambia machinjioni, nimeichukua kwenye lundo la ngozi zinazosubiri gari la mnunuzi.

"Mwanangu, umeilamba?"

Nilidhani sikumsikia vizuri. Akanionyesha ule ukingo wa ngozi unaobaki nje ya pete. Nikaugusa kwa ulimi, na mdomo ukajaa chumvi.

Pale nikaelewa. Ngozi zinazokaa machinjioni hupakwa chumvi zisioze. Mimi niliiloweka usiku mmoja kwenye ndoo, nikainyoa manyoya, nikaiwamba. Maji ya ndoo moja hayatoshi kuitoa chumvi hiyo, sehemu kubwa inabaki ndani ya nyuzi za ngozi. Na chumvi ya kawaida, hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, huvuta maji hadi inalowa yenyewe. Ndiyo maana chumvi ya mezani huku pwani hugandamana wakati wa mvua. Kwinto yangu ilikuwa salama alasiri, kipima kikiwa 68, na ikaanguka pale pale hewa ilipovuka mpaka huo. Kumbe miaka yote tulikuwa tunawamba chumvi pamoja na ngozi.

Niliifungua ngozi ile ile nikaanza upya. Safari hii niliiloweka siku mbili, nikimwaga maji na kuweka mapya asubuhi, mchana na jioni, hadi nilipolamba ukingo nikakuta hauna ladha. Mzee alinisisitizia jambo jingine kabla sijaiwamba: ngozi ikiwa bado mbichi imelowa, inyanyue mbele ya jua. Mwanga unapita, na popote kisu cha mchinjaji kilipokwaruza wakati wa kuchuna utaona mstari mwembamba unaong'aa. Ngozi itapasukia hapo hapo siku moja. Kwangu mistari ilikuwa miwili, yote upande wa tumbo, nikaipanga iangukie nje ya pete. Mstari wa uti wa mgongo niliupitisha katikati kabisa ya ngoma, kwa sababu hapo ngozi ni nene zaidi, na ukikaa pembeni upande mmoja utalia tofauti na mwingine.

Nikaacha ikauke kivulini siku nne, bolti zikiwa zimekazwa kwa mkono tu, ndipo nikaanza kuvuta kwa spana, nusu mzunguko kila nati, nikizunguka ngoma nzima kabla ya kurudia. Ngozi mpya huendelea kunyooka wiki mbili za mwanzo, kwa hiyo sikuipima kabla ya hapo.

Usiku nilioirudia, hewa ikiwa karibu sawa na ya usiku ule wa kwanza, kwinto ilianza 262 ikashuka hadi 233. Nusu sauti mbili. Bado imeshuka, lakini robo mzunguko kwenye kila nati uliirudisha, bila moto wowote. Huo ndio udhaifu halisi wa ngozi ya mbuzi, na unatokana na asili ya ngozi yenyewe. Nyuzi zake hunywa unyevu wa hewani, zinalainika na kurefuka, mvuto unapungua, na maji yenyewe yanaongeza uzito. Mambo yote hayo yanashusha sauti.

Ngozi ya ng'ombe inapatwa na hayo hayo, ila polepole kwa sababu ya unene. Kwa sababu hiyo nilifanya kosa la kuisifu mapema. Saa nne usiku ilikuwa imeshuka nusu sauti moja, lakini nilipoamka alfajiri kuipima nilikuta 131: nusu sauti mbili, sawa kabisa na mbuzi. Ilikuwa imechelewa tu. Na inavyochelewa kushuka ndivyo inavyochelewa kurudi. Kwinto ya mbuzi ukiipasha kwa moto wa makuti dakika tatu inakaza, na baada ya nusu saa inaanza kulegea tena. Ya ng'ombe inataka robo saa, ukiizungusha bila kuacha, maana juu inakauka wakati ndani bado ina maji. Mimi huipima kwa mgongo wa kiganja: ikiniunguza nimeisogeza karibu mno. Ikishakaza, inanibeba zaidi ya saa nzima.

Kwa sauti, kila moja ina mahali pake na sioni haja ya kuzigombanisha. Mbuzi ina kofi kali linalopenya vigelegele, na kidole chepesi tu kinasikika. Ng'ombe ina besi nzito, ya mviringo, inayokatika mapema bila kuvuma ovyo, lakini kofi lake linataka nguvu, na viganja vitakuambia asubuhi. Niliwahi kuwamba ng'ombe kwenye kwinto na sikuipenda. Ilinibidi niivute sana ndipo ifike juu, na hata ilipofika ilisikika kama meza.

Plastiki ina sauti kubwa kuliko zote mbili, na kwa mpiga kofi inajibu haraka. Tatizo ni mvumo. Ukipiga, kuna mlio wa juu unaobaki ukining'inia baada ya pigo, na mbele ya maikrofoni unazidi. Nilibandika kipande cha flana upande wa chini, karibu na ukingo, upana wa vidole viwili, na sehemu kubwa ya mlio huo ikaondoka. Besi ya ngozi, ile unayoisikia kifuani, sikuipata hata kwa flana.

Lakini unyevu kweli hauigusi, kwa sababu poliesta hainywi maji kwa kiasi cha kuhesabu. Kinachoisumbua ni joto, na inakwenda kinyume cha ngozi. Ikiota jua inatanuka na kulegea, usiku ukipoa inakaza. Hiyo ndiyo sababu ilipanda kutoka 196 hadi 198. Tofauti hii tuliilipia. Katika harusi moja mwezi wa Mei kijana wetu alizibeba ngoma zote tatu kuzipeleka motoni kama tulivyozoea. Plastiki ilijikunja katikati, ikabaki na uvimbe kama lengelenge, na hakuna kuvuta kulikoinyoosha. Sikumlaumu, maana mimi ndiye sikumweleza. Sasa tumba hiyo ina utepe mwekundu kwenye mguu, na kila anayejiunga na kundi anaambiwa kwanza: yenye utepe haikaribii moto.

Jambo moja bado huwashinda wengi, nalo ni safari ya bara. Tulipokwenda Dodoma mwezi wa Septemba, ngozi zilizovutwa kwa hewa ya Tanga zilikutana na hewa kavu zikajikaza zenyewe usiku, tukiwa tumelala. Tumba zilipona kwa sababu nilikuwa nimelegeza nati mzunguko mzima kila moja. Chapuo yetu ya mbuzi, ambayo imepigiliwa vigingi na haina pa kulegezea, tuliikuta asubuhi imechanika kutoka ukingoni hadi katikati. Siku hizi chapuo ikisafiri bara ninaifunika kwa khanga yenye unyevu kidogo, na sipitishi usiku bila kuigusa.

Mpangilio wetu wa sasa ni huu. Kwinto inabaki mbuzi, iliyooshwa mpaka ulimi usisikie chumvi. Tumba kubwa ni ng'ombe, na ninaipasha saa moja kabla ya kupiga, sio baada ya kuanza kuzama. Ya kati inavaa plastiki kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, kisha mvua zikikatika naivua na kuirudishia ngozi yake ya ng'ombe, ambayo muda wote huo huwa imetundikwa juu ya jiko la mama, ndani ya mfuko wa kitambaa. Mwaka wa kwanza niliiweka kwenye mfuko wa nailoni, nikaitoa imeota ukungu wa kijani pande zote mbili.