Elfu 85 za shemeji

Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda. Kwa miaka mingi nilidhani nina tabia mbili, upole na hasira. Kumbe ni ugonjwa mmoja. Shemeji akileta kitambaa bila pesa, nilisema, "Hakuna shida, ukipata utaleta." Wiki tatu baadaye nikafoka mbele ya wateja: "Wewe ni mdhulumaji, kila siku unanitumia!" Aliondoka amekasirika, deni likabaki palepale.

Dada mmoja wa kikundi chetu cha akiba ndiye aliyenichambulia. Kauli ile ya kwanza haikuwa na ombi lolote, kwa hiyo shemeji hakuwa na la kutimiza. Ya pili ilikuwa na "wewe" na jina baya, kwa hiyo akatetea heshima yake badala ya kuzungumzia deni. Dada huyo akanionya pia kuhusu mtego mmoja: "Nahisi unanidharau" inasikika kwa upole, lakini bado ni shutuma. Sema jambo lililotokea, lililokupata, unachoomba na utakachofanya.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilianza vizuri, kisha nikaongeza kwamba mashine imeharibika. Shemeji akasema, "Basi nitakuletea fundi wangu." Deni likasahaulika. Kila sababu unayoongeza ni mlango wa mabishano.

Alipoleta kitambaa cha suti ya nne, nilitoa mguu kwenye pedali na kumtazama.

"Shemeji, tangu Januari nimekushonea suti tatu, na shilingi elfu 85 hazijalipwa. Nashindwa kununua nyuzi na bitana. Naomba unilipe elfu 40 Ijumaa hii. Zikifika, naanza kushona."

"Kumbe siku hizi pesa imeshinda undugu?"

Ulimi ulinikuna nimkumbushe mahari niliyotoa kwao. Nikaumeza.

"Undugu upo, shemeji. Elfu 40 zikifika Ijumaa, naanza kushona."

"Lakini arusi ni Jumamosi ya wiki ijayo!"

"Naelewa arusi iko karibu. Elfu 40 zikifika Ijumaa, naanza."

Sentensi ileile, sauti ileile. Mara ya tatu ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu kimya kinachofuata kinakusukuma ukijaze kwa kuomba radhi. Sikukijaza. Akachukua kofia yake akaenda. (Kwa mtu aliyelewa au anayepiga, nisingethubutu. Huyo unamwacha apite kwanza, uzima ni bora kuliko deni.)

Ijumaa jioni simu ikalia: elfu 30. Zamani ningeshona suti nzima kwa aibu, au ningempigia kumtukana. Nikamwandikia: "Asante shemeji, 30 nimezipata. Leo nakata kitambaa. Kumi zikifika, naanza kushona."

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni na noti ya elfu kumi, hakunisalimia. Nikamsalimia mimi, nikaitia sindano uzi.