Nilivyodai fidia ya mguu niliovunjika Kilimanjaro, bima ikisema ni mchezo wa hatari

Barua ya kukataa dai langu ilikuwa fupi. Kampuni ilisema inasikitika, lakini ajali yangu inaangukia kwenye orodha ya mambo ambayo bima ya ajali binafsi hailipi, kifungu cha michezo ya hatari. Mkataba umeandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili kifungu chenyewe kinasema hivi: "upandaji wa milima au majabali unaolazimu matumizi ya kamba au waongozaji." Ndani ya orodha hiyo hiyo wamo wapiga mbizi wenye mitungi ya hewa, mashindano ya magari na pikipiki, na kuruka kwa parachuti.

Mimi sikushika kamba. Nilivunjika kifundo cha mguu wa kulia nikishuka njia ya Mweka, chini ya kambi ya Mweka, kule msituni ambako mvua hugeuza ngazi za udongo kuwa utelezi mtupu. Kilele nilishakiacha jana yake. Wapagazi walinibeba kwa machela ya gurudumu moja hadi getini, hospitali wakanitia chuma na skrubu, na likafuata hogo, magongo na mazoezi ya viungo.

Nilipokea barua ile nikiwa bado kwenye magongo, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kusoma. Niligundua kwamba kampuni haikutilia shaka ajali wala eksirei. Mzigo wote wa kukataa uliegemea neno moja, "waongozaji". Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila muongozaji mwenye leseni. Ndiyo kanuni ya hifadhi. Kwa hiyo, ukikisoma kifungu kama walivyokisoma wao, kila mtu anayepanda mlima ule, hata anayelala vibandani njia ya Marangu na kutembea na fimbo tu, yuko nje ya bima tangu anapovuka geti.

Hapo ndipo nilipojenga hoja yangu. Mkataba unasema upandaji *unaolazimu* muongozaji. Unaolazimu kwa sababu gani? Kuna milima ambayo jabali lenyewe linakulazimisha: huwezi kupita bila mtu anayejua pa kufunga kamba. Mawenzi, kilele cha mita 5,149 kilicho kwenye mlima huo huo, ni cha namna hiyo. Kibo kwa njia za kawaida ni kutembea. Ni kutembea kugumu, kwenye hewa nyepesi, lakini miguu miwili inatosha. Muongozaji yupo kwa sababu ya kanuni, kama ilivyo kwenye hifadhi nyingine ambako hata kuangalia ndege unatembea na askari mwenye bunduki, na hakuna anayesema kuangalia ndege ni mchezo wa hatari. Kwenye sheria za bima kuna kanuni ya zamani inayomsaidia mteja hapa: maneno ya mkataba yakiweza kusomeka kwa maana mbili, yanasomwa dhidi ya aliyeyaandika. Tena anayetaka kujificha nyuma ya kifungu cha kutolipa ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha kwamba kinahusika.

Hoja peke yake haitoshi, maana anayepima dai anaangalia karatasi. Nilimwomba dalali wetu wa bima anipatie kila kilichokuwa kwenye faili. Fomu ya madai nilikuwa nimeijaza kwa undani: nilikuwa natembea kushuka, nimeteleza, mguu ukajipinda. Lakini karatasi ya mapokezi ya hospitali iliandikwa "ameanguka akipanda mlima", na mpima madai aliishika hiyo. Kampuni za bima hupenda sana maelezo ya kwanza ya hospitali, kwa kuwa yameandikwa kabla mtu hajafikiria fidia. Sikuomba yafutwe, kufuta kungenitia kwenye shaka kubwa zaidi. Nilimwomba daktari aliyenipasua aandike maelezo ya nyongeza yenye tarehe na sahihi yake, akieleza mahali na namna nilivyoumia kama nilivyomsimulia siku ile ile. Muongozaji wangu naye aliandika barua, akataja njia tuliyopita, kwamba hapakutumika kamba wala viatu vya meno ya chuma, na sehemu niliyoangukia. Nikaambatisha kibali cha hifadhi chenye jina la njia.

Kampuni ikamtuma mchunguzi. Alikuwa mtu muungwana, lakini maswali yake yalikuwa na kona. Aliniuliza kama niliwahi kuumia mguu ule. Ndiyo, niliwahi kuuteguka kwenye mpira. Nilimwambia, kwa kuwa ilikuwa kwenye rekodi zangu za zahanati na angeikuta. Baadaye ikaja hoja mpya: huenda kifundo kilikuwa kibovu tangu zamani. Eksirei ndiyo iliyojibu. Mvunjiko mpya una kingo kali, na hakuna alama ya mfupa uliokwishaanza kuunga. Daktari aliliandika hilo waziwazi. Ila alikubali pia kwamba kano za upande wa nje zilikuwa zimelegea kidogo tangu zamani, na hilo likaja kugusa hesabu ya mwisho.

Kabla sijaendelea, niseme kuhusu mwenzangu wa kazini, kwa sababu bima yetu ni ya kundi na sote tulikuwa mlimani. Yeye alizidiwa kambi ya Barafu, mapafu yakajaa maji kwa sababu ya kimo, akateremshwa usiku. Dai lake lilikataliwa na sikuona pa kulipinga. Bima ya ajali hulipa jeraha linalotokana na tukio la ghafla, la nguvu, linalotoka nje ya mwili. Ugonjwa wa kimo ni ugonjwa. Kifungu cha michezo ya hatari hakikufikiwa hata kidogo, dai liliishia mlangoni. Gharama zake zililipwa na bima ya afya.

Mimi niliandika barua ya malalamiko kwa mkuu wa kampuni, nikasema wazi kwamba nikikosa jibu nitaenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Sikufika huko. Walikubali kulipa matibabu na posho ya wiki nilizokaa bila kazi.

Ulemavu wa kudumu ulisubiri hadi mguu ulipofika mahali ambapo haungepona zaidi ya hapo. Hapa watu wengi hushangaa, maana maumivu hayana bei kwenye mkataba. Kuna jedwali la asilimia. Kwenye langu, kupoteza mguu mmoja ni 50% ya kiasi kilichokatiwa bima, na kifundo kugoma kukunjika hakimo. Jeraha lisilomo hupimwa kwa kulinganishwa na lililomo. Daktari alipima mkunjo wa kifundo cha kulia dhidi ya cha kushoto, akasema mguu umepoteza 12% ya kazi yake, na kati ya hizo 2% ni za lile jeraha la mpira. Ikabaki 10% ya 50%, yaani 5%. Bima yangu ni ya shilingi milioni 20, nikalipwa milioni moja. Zile 2% sikuzigombania. Daktari alikuwa amezitolea maelezo yanayoeleweka.

Mkataba ulipofika wakati wa kuhuishwa, niliomba kifungu kirekebishwe kwa maandishi. Walileta nyongeza inayokubali matembezi ya milimani hadi mita 5,000. Nikairudisha, kwa kuwa Uhuru iko mita 5,895, na nyongeza hiyo ingemwacha mtu bila bima usiku ule ule wa kuelekea kileleni. Sasa inasomeka hadi mita 6,000, kwa njia zinazotambuliwa na hifadhi, bila kamba, na kuwapo kwa muongozaji anayetakiwa na kanuni hakuondoi bima. Ada imepanda kidogo. Mawenzi bado iko nje.