Kumbe choo cha mama mdogo kiligomeshwa na potasiamu

Jamani mama mdogo wangu wa Igoma choo kimegoma wiki na wiki, mapapai kala, maji kanywa, dawa za kulainisha kameza wapi, na miguu inaishiwa nguvu akipanda kale kamlima ka kwao. Daktari akauliza anatumia dawa gani ya presha, kumbe ni ile ya kukojoza, akasema tupime damu kwanza, tuone madini ya potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Kalsiamu iko poa (ikizidi nayo inafunga choo), ila potasiamu ilisoma 2.7 wakati kawaida ni 3.5 mpaka 5. Ile dawa inaitoa kwenye mkojo, sasa utumbo nao ni msuli, potasiamu ikishuka unalegea hausukumi kitu. Magnesiamu nayo ilikuwa chini, na hapo ukipewa potasiamu peke yake haipandi vizuri maana figo zinaendelea kuimwaga, ikabidi apewe zote mbili na daktari akambadilishia dawa ya presha, msije mkaacha dawa kienyeji. Kurudia kupima imesoma 3.9 na choo kinakuja. Angalizo, seli za damu zikipasuka kwenye kichupa cha kupimia damu, potasiamu inasoma juu kwa uongo.