Dola 50 za Go-Pass: yaliyonikuta uwanja wa Luano

Kama unatoka Kongo kwa ndege, weka pembeni dola za Go-Pass, ada ya uwanja wa ndege, na ziwe noti safi. Nalisema mapema kwa sababu mimi niliambiwa kinyume chake na wakala aliyenikatia tiketi Kariakoo. Nilimuuliza kabisa, "Kaka, uwanjani kuna malipo mengine?" Akasema kila kitu kimo ndani ya tiketi. Nikaitazama, kweli kuna mistari ya kodi, nikaridhika. Sisi wa Dar tumezoea hivyo, ada ya abiria inakatwa humo humo kwenye nauli, unafika uwanjani na begi lako tu.

Kongo wana Go-Pass. Ni ada ya kuendeleza viwanja vya ndege, ilianza 2009, na anayeisimamia ni RVA, shirika la serikali linaloendesha viwanja vyao. Wakati huo safari ya nje nililipa dola 50, ya ndani ilikuwa dola 10. Kodi zile za kwenye tiketi ni nyingine. Hii niliilipa dirishani, nikapewa karatasi, na bila hiyo karatasi nisingevuka kwenda kwenye ndege.

Nilikuwa nimekwenda Lubumbashi kwa barabara, Tunduma mpaka Kasumbalesa, kurudi nikaamua kupanda ndege. Mwenyeji wangu ndiye aliyeniuliza njiani kuelekea Luano, "Papa, Go-Pass uko nayo?" Sikuwa na wasiwasi, mfukoni nilikuwa na noti ya dola 50 niliyoitunza tangu Dar, imekunjwa mara nne ndani ya pochi.

Nikaipitisha dirishani. Yule dada akaikunjua, akaishika pembe mbili, akaiinua kwenye mwanga. Pale mikunjo inapokutana katikati palikuwa na tundu dogo kuliko punje ya mchele. Akanirudishia. "Papa, hii haiko muzuri, ilipasuka." Nikatoa noti tano za dola kumi. Tatu akazikubali, mbili akazisukuma kando kwa sababu zilikuwa za zamani, zile zenye kichwa kidogo cha rais. Nikajaribu kujazia na noti za dola moja moja, akatikisa kichwa kabla sijamaliza kuhesabu. Na hakuwa ananionea. Lubumbashi nzima ni hivyo hivyo, dukani, hotelini, sokoni: dola yenye mpasuko hata wa ukucha haipiti, na ya moja moja hawaitaki, chenji yao ni faranga.

Nyuma yangu foleni inasogea, saa inakwenda, na ninayo hela zaidi ya hamsini mkononi.

Nikampigia mwenyeji wangu, bahati bado hajatoka maegesho. Akaniambia kitu ambacho nakithamini mpaka leo: noti iliyokataliwa haijafa, wabadilisha fedha wa mtaani huwa wanazinunua, ila kwa kupunja. Akaniita nje, akanipeleka kwa mmoja anayemfahamu. Yule bwana akaipapasa hamsini yangu kwa kidole gumba, akaligusa tundu, akataja bei yake. Tukavutana kidogo. Mwisho nikapoteza dola kumi, nikaondoka na noti za ishirini na kumi zinazolia kabisa zikikunjuliwa. Nikazijumlisha na zile noti tatu za kumi zilizokubaliwa, nikarudi dirishani, karatasi nikapata. Nikaishika mkononi, sikuitia kwenye begi, maana inaombwa tena huko mbele.

Pale nje palikuwa na kijana mmoja anaulizia wasafiri kama wanataka Go-Pass haraka bila foleni. Usinunue mkononi kwa mtu, hata akiwa na karatasi inayofanana. Huwezi kujua kama ni halali au imeshatumika, na ikikataliwa mlangoni utalipa upya.

Safari ya pili nilijipanga. Jioni ya kabla ya kuondoka nilitoa hela kwenye mashine ya benki mjini, maana mashine za kule zinatoa dola, na noti zake huwa nzuri. Kila moja niliishika dirishani ipitwe na mwanga, nikatafuta matundu ya pini za steplaa, alama za kalamu na ncha zilizochanika. Kisha nikazilaza ndani ya daftari bila kuzikunja. Faranga zilizobaki nikazimalizia kwa chakula na teksi.

Dirishani nikasema kwanza ninakokwenda, "Dar es Salaam, safari ya nje," ili asinikatie ya dola 10 tukaanza upya. Akaziinua kwenye mwanga moja baada ya nyingine, akagonga muhuri. Haikufika dakika tatu.