Mfanyakazi akianza kazi katikati ya mwezi: ninavyoupiga hesabu mshahara wake

Natengeneza mishahara ya kampuni ndogo kadhaa hapa Nairobi, na swali linalonirudia kila mwezi ni moja: mtu ameanza kazi tarehe 15, tumlipe ngapi? Wengi hujibu haraka, "nusu." Nusu ya nini, ndipo ugomvi unapoanzia.

Nitatumia mfano mmoja. Karani wa stoo katika Eneo la Viwanda aliajiriwa kwa shilingi 60,000 kwa mwezi: 50,000 za msingi na 10,000 za posho ya nyumba. Aliripoti kazini Jumatatu, tarehe 15 Septemba 2025, na ratiba yake ni Jumatatu hadi Ijumaa.

Kwanza nahesabu siku, na hapa ndipo kosa dogo hutokea mara nyingi. Mtu huchukua 30, akatoa 15, akapata 15. Siyo. Siku ya kuripoti nayo ni siku ya kazi, kwa hiyo tarehe 15 hadi 30 ni siku 16. Siku hiyo moja iliyosahaulika ni shilingi 2,000 za karani. Njia ya kujihakikishia ni kuhesabu pia siku ambazo hakuwapo: tarehe 1 hadi 14 ni siku 14, na 14 jumlisha 16 ni 30. Jumla isipofika mwezi mzima, kuna siku imepotea au imehesabiwa mara mbili.

Kwenye Excel, ikiwa mshahara uko B2 na tarehe ya kuanza iko C2, mimi huandika hivi:

```
=ROUND(B2*(EOMONTH(C2,0)-C2+1)/DAY(EOMONTH(C2,0)),2)
```

Ile `+1` ndiyo siku ya kuripoti. Usiiondoe hata kama inaonekana ya ziada.

Halafu kuna suala la kugawanya kwa ngapi. Ukihesabu siku za kalenda, gawanya kwa siku za kalenda: 60,000 × 16 ÷ 30 ni 32,000. Ukihesabu siku za kazi, Septemba 2025 ilikuwa na siku 22 za Jumatatu hadi Ijumaa, naye alifanya 12, kwa hiyo anapata 32,727.27. Njia zote mbili zinakubalika mradi kampuni ishike moja na iandike kwenye mkataba. Kisichokubalika ni kuzichanganya. Nimeona mishahara ambapo siku 12 za kazi zimegawanywa kwa 26 kwa sababu "ndivyo tulivyozoea." Hiyo 26 ni ya mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki. Kwa karani huyu ingetoa 27,692, na angekuwa amepunjwa zaidi ya elfu tano bila yeyote kukusudia. Ukichukua siku 16 za kalenda ukagawanya kwa 26, mwajiri ndiye anayeumia: 36,923.

Mimi hupendelea kalenda, na idadi halisi ya siku za mwezi husika badala ya 30 ya kudumu. Kwa 30 ya kudumu, anayeanza tarehe 2 Februari yenye siku 28 hupoteza mshahara wa siku tatu ilhali amekosa siku moja tu.

Sasa makato, na hili ndilo kubwa. Unagawa mshahara kabla ya makato, kisha unakata. Wapo wanaotengeneza mshahara wa mwezi mzima, wakapata cha mkononi, ndipo wakakigawa. Tuone tofauti, kwa viwango vilivyotumika Septemba 2025.

Kwa 32,000, mchango wa pensheni wa NSSF, asilimia 6, ni 1,920. Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, ni 880. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, ni 480. Tangu mwisho wa Desemba 2024 SHIF na ushuru wa nyumba hutolewa pia kabla ya kutoza kodi ya mapato, yaani PAYE, kwa hiyo mapato ya kutozwa kodi ni 28,720. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani 2,400, na 4,720 zinazobaki hutozwa asilimia 25, yaani 1,180. Jumla ni 3,580. Toa unafuu wa kodi wa 2,400, PAYE inabaki 1,180. Karani anaondoka na 27,540.

Mwezi mzima wa 60,000 una PAYE ya 8,538.35, na cha mkononi ni 45,311.65. Ukigawa hicho kwa 16/30 unapata 24,166.21. Zimepotea shilingi 3,373.79, na zote zimepotelea kwenye kodi. NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba hapa hupungua sawasawa na mshahara, lakini PAYE hupanda kwa ngazi. Mtu wa 32,000 hafiki ngazi ya asilimia 30, na unafuu wa 2,400 anaupata wote, haukatwi nusu eti kwa sababu amefanya kazi nusu mwezi.

NSSF yenyewe haipungui hivyo kwa kila mtu. Mwaka 2025 ilikuwa na kikomo cha 72,000, kwa hiyo wa 150,000 aliyelipwa 80,000 kwa sehemu ya mwezi bado alikatwa 4,320 kamili. Akiuliza kwa nini, mwonyeshe kikomo.

Karani huyo akiacha kazi, siku yake ya mwisho ikiwa Ijumaa tarehe 14 Novemba, hesabu ya siku inageuka tu: 14 kati ya 30, sawa na 28,000. Kinachosahaulika ni likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa aliyemaliza angalau miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 1.75 za likizo kwa kila mwezi aliokamilisha. Tarehe 15 Septemba hadi 14 Novemba ni miezi miwili kamili, kwa hiyo anadai siku 3.5 ikiwa hakuchukua yoyote. Kuondoka siku moja mapema kungezua ubishi, kwa hiyo soma tarehe za barua ya kujiuzulu kwa makini.

Siku hizo za likizo ni za kazi, si za kalenda. Ukizilipa kwa 2,000 kila moja, yaani 60,000 ÷ 30, utampa 7,000 na utakuwa umempunja. Mimi huchukua mshahara wa mwaka, 720,000, nikagawanya kwa siku 260 za kazi (wiki 52 za siku tano): 2,769.23 kwa siku, na 9,692.31 kwa siku 3.5. Pesa hizo huingia kwenye mshahara wa mwisho na hutozwa PAYE kama nyingine. Hata aliyefukuzwa papo hapo kwa kosa halali hulipwa stahili zake hadi siku ya kufukuzwa.

Kabla hajaondoka namwambia jambo moja. Akianza kwingine tarehe 17 Novemba, mwajiri mpya naye huenda akampa unafuu wa 2,400 na kuanza ngazi za kodi upya kwa mwezi uleule. Mkononi itaonekana nzuri. Lakini anapowasilisha ritani kwenye iTax kufikia 30 Juni, P9 mbili, yaani hati za mwaka za mshahara na kodi kutoka kwa kila mwajiri, zinajumlishwa na KRA inadai tofauti. Kwa hiyo simwachi aondoke bila P9 yake mkononi, na namshauri ampe mwajiri mpya hati yake ya mshahara wa Novemba siku ya kwanza.